Ukibadilishana zamu na mwenzako, viporo vya wodini vinakuwa vya nani?

#1 Mkunga wa Bondeni
Salaam wanajukwaa, hasa wauguzi na wakunga. Niko wodi ya wazazi, na mimi ndiye ninayemsaidia inchaji kupanga ratiba ya zamu. Kuna jambo limetugawa kazini, naomba mawazo yenu.

Mama mmoja aliletwa kwa rufaa akiwa na kifafa cha mimba. Saa 6 mchana alipewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu, ya mshipa na ya msuli, na saa 9 alasiri akajifungua. Baada ya hapo ni gramu 5 za msuli kila baada ya saa 4, yaani saa 10 jioni, saa 2 usiku, saa 6 usiku, hivyo hivyo mpaka zitimie saa 24 tangu ajifungue. Ya saa 10 jioni ilichomwa na kusainiwa. Ya saa 2 usiku haikuchomwa, na hilo liligundulika saa 5.

Saa 2 usiku ndiyo saa tunayokabidhiana. Na siku hiyo zamu ilikuwa imebadilishwa: dada aliyepangwa usiku alifiwa, akaelewana na mwenzake amwingilie, naye atamlipa zamu ya Jumamosi. Inchaji alikubali kwa simu. Ila karatasi ya mgawanyo wa vitanda iliyobandikwa ofisini hakuna aliyeigusa. Muuguzi wa jioni akaandika kwenye kitabu cha ripoti, "Kitanda 7, magnesiamu saa 2," na pembeni jina la yule aliyefiwa. Aliyekuja badala yake alisoma ripoti, jina lake hakuliona, akaanza na upande wa vitanda aliouzoea. Muuguzi wa pili wa usiku alikuwa na upande mwingine, kitanda 7 hakikuwa chake.

Mama yuko salama na ameshatoka. Swali langu: dozi ile ilikuwa ya nani? Ya wa jioni, ya mwenye zamu, ya aliyemwingilia, au ya inchaji aliyekubali?

#2 Patroni Mstaafu
Kabla ya kutafuta mwenyewe, tuambie hiyo saa 5 walifanya nini. Ndilo jambo la kwanza.

#3 Chipukizi wa Diploma
Mbona rahisi. Dozi ni ya saa 2, na zamu ya jioni inaisha saa 2. Kwa hiyo ni ya wa jioni, aliondoka na deni. Hiyo saa 5 wachome ile iliyorukwa, kisha saa 6 waendelee na ratiba kama kawaida ili isivurugike mpaka asubuhi.

#4 Patroni Mstaafu
Chipukizi, hilo la mwanzo tutalijadili, lakini la pili lisimame hapa hapa kabla hujaliingiza wodini. Ukichoma saa 5 na saa 6 ukachoma tena, umempa gramu 10 ndani ya saa moja mama ambaye huenda figo zake hazifanyi kazi vizuri. Magnesiamu hutolewa na figo. Ikizidi mwilini, goti linaacha kuitikia nyundo, na baada ya goti zinafuata pumzi.

Kinachofanyika ni hiki. Kabla ya sindano yoyote unahesabu pumzi, ziwe 16 au zaidi kwa dakika. Unagonga goti uone linaruka. Unaangalia mfuko wa mkojo, awe amepata angalau mililita 30 kwa saa katika zile saa 4 zilizopita. Yote yakiwa sawa unamjulisha daktari wa zamu, unachoma dozi moja, na saa zinaanza kuhesabiwa upya kutoka hapo. Ukichoma saa 5, inayofuata ni saa 9 usiku. Na kalsiamu glukoneti iwe karibu na kitanda, gramu 1, ambayo ni mililita 10 za ile ya asilimia 10, ya kuingizwa mshipani polepole pumzi zikianza kushuka.

Dozi iliyorukwa inanitisha, lakini ile iliyochomwa na watu wawili inanitisha zaidi. Wa jioni anachoma saa 2 kasoro dakika 5 na kukimbilia gari bila kusaini, wa usiku anaona kisanduku hakina saini, naye anachoma.

#5 Chipukizi wa Diploma
Nimekuelewa mzee, nimeandika. Shukrani.

#6 Mkunga wa Bondeni
Ndivyo ilivyofanyika. Pumzi 18, goti lilikuwa linaitikia, mkojo mililita 160 tangu saa 1 usiku. Daktari akaambiwa, ikachomwa saa 5, na iliyofuata ikawa saa 9.

#7 Sindano Mbili
Swali kwa mleta mada. Mlijuaje kwamba haikuchomwa? Kisanduku kitupu kwenye chati kina maana mbili: haikuchomwa, au ilichomwa na mtu akasahau kusaini. Huyo aliyegundua alijihakikishia vipi kabla ya kuvuta dawa?

#8 Mkunga wa Bondeni
Swali zuri sana, na hapo namsifu dada wa usiku. Kwanza alimpigia simu wa jioni, haikupokelewa. Akaenda kwenye kile kisanduku chetu cha dawa za kifafa cha mimba, akahesabu ampuli. Zile za asilimia 50 zenye mililita 10 kila moja ni gramu 5, kwa hiyo ampuli moja ni dozi moja. Hesabu iliyoandikwa baada ya dozi ya saa 10 ilikuwa bado vile vile. Kisha akamuuliza mama. Ile sindano ya msuli inauma hata ukichanganya na lignokeini, mtu hawezi kuisahau. Mama akasema ya mwisho alichomwa tako la kulia kukiwa bado na mwanga nje, na chati ya saa 10 ilionyesha kulia. Hapo ndipo aliporidhika.

#9 Sindano Mbili
Huyo apewe barua ya pongezi. Wengi tungechoma tu kwa hofu.

#10 Mapokezi Nungwi
Mimi si muuguzi, niko mapokezi ya hoteli huku Unguja kaskazini, lakini habari yenu naijua. Mwenzangu aliniomba nimwingilie usiku. Kwenye ubao kulikuwa na maneno "chumba 12, teksi saa 10 alfajiri" na jina lake yeye. Mgeni alikuwa anawahi boti ya asubuhi ya kwenda Dar. Mimi nilidhani jina lile maana yake ni kwamba ameshaita teksi, kumbe maana yake ilikuwa ndiye atakayeita. Mgeni alishuka na mabegi, gari hakuna. Tulimwamsha jirani mwenye Noah, mgeni akawahi. Tangu hapo nikimwingilia mtu, kila penye jina lake nafuta naandika langu, na penye langu pembeni naandika limefanyika au bado.

#11 Mwana wa Pwani
Hata hotelini kuna kifafa cha teksi, poleni.

#12 Mtumishi Halmashauri
Mimi naona mnazunguka. Aliyefanya zamu ndiye anayestahili posho ya usiku, basi. Jina kwenye ratiba halihusiki. Kwetu mtu aliingia zamu ya mwenzake na posho ikaenda kwa mwenye jina, wakanuniana mwezi mzima.

#13 Sindano Mbili
Mtumishi, hatujauliza posho, tumeuliza dozi. Ingawa na hilo lina uzi wake.

#14 Mtumishi Halmashauri
Nimesoma kichwa cha habari tu, samahani. Ila chanzo ni kile kile: ratiba inasema huyu, kazini yuko yule.

#15 Wakili wa Mtaani
Nina jambo ambalo hamjaligusa. Huyo aliyemwingilia mwenzake, mchana wake alikuwa wapi?

#16 Mkunga wa Bondeni
Alikuwa zamu ya asubuhi. Alitoka saa 8 mchana.

#17 Wakili wa Mtaani
Basi umeshajibiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 za mapumziko mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Yeye alipata saa 6, na ndani yake atoe safari ya kwenda na kurudi, kupika na watoto. Mtu aliyechoka hivyo anasoma jina kwenye ripoti, na jina lisipokuwa lake macho yanapita. Mimi kosa naliona kwa aliyeidhinisha.

#18 Afisa Utumishi Mstaafu
Wakili yuko sawa kwa sehemu kubwa, naongeza kidogo. Hizo saa 12 sheria inaruhusu zishuke hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti yake, mfano saa za kazi zenyewe ziwe zimekatwa na mapumziko ya angalau saa 3, au mfanyakazi awe anaishi pale pale kazini. Saa 6 hazimo hata kwa maandishi. Na mpangaji wa ratiba akumbuke pia mjamzito: ndani ya miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua hapangiwi usiku, hata kama yeye na mwenzake wamepatana kwa roho safi. Mapatano ya watu wawili hayaondoi sheria.

#19 Dada wa Wodi 2
Nawaheshimu wanasheria, ila uchovu haukuandika jina lisilo sahihi kwenye ripoti. Muuguzi wa jioni hakuwa amechoka kupita kiasi. Aliandika jina kwa kutazama karatasi ya ukutani, hakumtazama mtu aliyesimama mbele yake.

Kwangu tatizo ni kukabidhiana mezani. Mnakaa ofisini, mmoja anasoma kitabu, wengine wanavua viatu na kutafuta glavu. Mngepita kitanda kwa kitanda, mkifika kitanda 7 wa jioni angesema "huyu ana magnesiamu sasa hivi," na aliyesimama pale angejua anaambiwa yeye. Mgonjwa naye anasikia. Mama yule angesema mwenyewe, "Sista, sindano yangu bado." Shirika la Afya Duniani lilipotoa zile suluhisho 9 za usalama wa mgonjwa mwaka 2007, makabidhiano yalikuwa mojawapo.

#20 Kaka wa Leba
Dada, kupita kitanda kwa kitanda nakubali kwa wodi yenye wagonjwa 12. Kwetu wako 40 na wengine wanalala wawili wawili, wa usiku ni wawili, na wakati wa makabidhiano yupo anayesukuma. Ukipita wote inafika saa 3 na nusu, na dozi ya saa 2 bado iko kwenye ampuli.

Sisi tumepunguza. Mezani inasomwa ripoti ya wote, kitandani tunapita wale wenye jambo linaloendelea tu: magnesiamu, damu inayotiririka, oksitosini kwenye dripu, waliotoka kupasuliwa. Huwa hawazidi 6.

#21 Dada wa Wodi 2
Hapo tumekutana. Na damu usiichukulie kirahisi. Chupa ya damu ikishatoka kwenye friji ianze ndani ya nusu saa na iishe ndani ya saa 4. Nilishapokea zamu nikaambiwa "kitanda 3 anaendelea na damu" bila kuambiwa ilianza saa ngapi, na chati haina saa. Dripu ilikuwa inadondoka polepole mno. Tulilazimika kupiga maabara kuuliza ilitoka saa ngapi kwenye friji. Neno "anaendelea" kwenye ripoti lisikubaliwe bila saa ya kuanza na saa ya kuisha.

#22 Muuguzi Mombasa
Hamjambo jirani zangu. Mahali nilipo mimi, kubadilishana zamu kuna fomu: anayeomba, anayekubali na msimamizi wa wodi wote watatu wanatia sahihi, na msimamizi anabadilisha jina kwenye ratiba na kwenye mgawanyo wa wagonjwa papo hapo. Bila hizo sahihi mwenye zamu anabaki kuwa yule wa mwanzo, na asipofika ni yeye anaulizwa. Kwa kesi hii dozi ingekuwa ya aliyefiwa, kikaratasi.

#23 Mkunga wa Bondeni
Asante Mombasa. Lakini unaona shida? Kikaratasi dozi ni ya mtu aliye msibani, na kitandani mama anasubiri.

#24 Kaka wa Leba
Na misiba haingoji fomu. Mtu anapigiwa simu saa 11 jioni kwamba baba amefariki, inchaji ameshaondoka, matroni yuko kikaoni. Ukimwambia akatafute sahihi tatu, atampigia mwenzake wapatane kimya kimya, na hapo hata inchaji hatajua. Bora simu kuliko kimya.

#25 Muuguzi Mombasa
Sikatai simu, nasema simu iishie kwenye karatasi. Aliyepokea hiyo simu angemwambia muuguzi wa jioni, "futa jina lile pale ukutani, andika hili." Ni kazi ya dakika moja.

#26 Patroni Mstaafu
Narudi kwa Chipukizi namba 3. Alisema dozi ni ya wa jioni. Wengi mtashangaa, mimi nakaribia kukubaliana naye, ila kwa sababu nyingine. Nilipokuwa kazini tulikuwa na kanuni: dozi inayoangukia ndani ya nusu saa ya makabidhiano inachomwa na anayetoka, kabla hajafungua kitabu cha ripoti. Yeye ndiye anayemjua mgonjwa, ameangalia mkojo wake jioni nzima, na anajua ni tako gani lilitangulia. Anayeingia anaanza na ukurasa safi, dozi yake ya kwanza ni ya saa 6. Hapo hata zamu ingebadilishwa mara tatu, dozi ya saa 2 ina mwenyewe.

#27 Sindano Mbili
Patroni, heshima yako, lakini siafiki. Anayechoma saa 2 akaondoka saa 2 na dakika 10 hatakuwepo kuona kama pumzi zinashuka. Anayebaki na mgonjwa ndiye achome. Kama ni kanuni, iwe hivi: wote wawili wawe kitandani, anayetoka anathibitisha saa ya dozi iliyopita na upande, anayeingia anahesabu pumzi, anagonga goti, anachoma, anasaini.

#28 Patroni Mstaafu
Na kama anayeingia amechelewa kwa sababu ya daladala? Mgonjwa amngoje? Hapo ndipo kanuni yako inapovunjika.

#29 Sindano Mbili
Na yako inavunjika anayetoka akiwa ndani ya leba na mikono imo kazini. Hatutamaliza leo.

#30 Bibi Harusi wa Tatu
Naomba niseme kwa niaba ya wa jioni, maana nimekuwa pale mara nyingi. Kuanzia saa 1 usiku unafunga hesabu: chati za mkojo, dawa za saa 12 zilizochelewa, ndugu wanaotaka kuaga, na kabati la DDA ambalo lazima pethidini na mofini zihesabiwe na watu wawili kabla funguo hazijabadilisha mikono. Funguo hizo hatujawahi kuzipoteza hata zamu ibadilishwe vipi. Kwa nini? Kwa sababu huwezi kuondoka bila mtu kuzipokea mkononi na kusaini. Dozi ya magnesiamu haipokelewi mkononi na mtu yeyote, inaandikwa tu kitabuni.

#31 Mwana wa Pwani
Bibi Harusi wa Tatu, jina lako nalo linahitaji makabidhiano. Wa kwanza na wa pili walikabidhi nini?

#32 Bibi Harusi wa Tatu
Walikabidhi vyombo vichafu, ndugu yangu.

#33 Dada wa Wodi 2
Hahaha. Ila hoja ya funguo ni nzito. Sisi tulijaribu kadi ngumu, moja kwa kila mgonjwa wa magnesiamu: saa ya dozi ijayo, upande wa tako, na nafasi ya saini mbili. Anayetoka haondoki kadi ikiwa mkononi mwake. Ilifanya kazi vizuri, mpaka kadi zilipoisha na hakuna aliyechapisha nyingine.

#34 Mkunga Mwandamizi
Nimesoma wote. Kuna swali moja hamjamuuliza mleta mada. Aliyemwingilia mwenzake alikuwa wa wodi hiyo hiyo? Na aliwahi kusimamia mgonjwa wa magnesiamu?

#35 Mkunga wa Bondeni
Wa wodi hiyo hiyo, ndiyo. Lakini ameajiriwa karibuni, na muda wake mwingi amekuwa upande wa waliojifungua kawaida. Yule aliyefiwa ni mkunga wa miaka mingi.

#36 Mkunga Mwandamizi
Hapo nina neno. Kwenye ratiba mlikuwa mmepanga mzoefu mmoja na mgeni mmoja usiku ule, na mgawanyo wa vitanda ulifuata uzoefu: upande wenye magnesiamu ulikuwa wa mzoefu. Baada ya kubadilishana mkabaki na nani? Kama wa pili naye ni mgeni, basi mlikuwa na wageni wawili na mama wa kifafa cha mimba. Jina lingeandikwa sawasawa, bado ningekuwa na wasiwasi. Mkunga akibadilishana, abadilishane na anayeweza kubeba wagonjwa wake. Vinginevyo wagonjwa wagawanywe upya, kitanda 7 kimfuate mwenye uwezo nacho.

#37 Mkunga wa Bondeni
Wa pili ni mzoefu, na ndiye aliyegundua saa 5 alipopita kusaidia. Ina maana alikuwepo mwenye uwezo, ila kitanda hakikuwa chake.

#38 Wakili wa Mtaani
Kwa hiyo tuna jina lisilobadilishwa, uchovu, ripoti ya mezani, dozi kuangukia saa ya makabidhiano, na uzoefu. Mleta mada, kazini mmefikia wapi?

#39 Mkunga wa Bondeni
Inchaji amekubali mambo mawili ya majaribio. Anayeidhinisha kwa simu anampigia pia aliyeko zamu abadilishe jina ukutani, na wote wenye magnesiamu au damu wanakabidhiwa kitandani. Kuhusu nani achome ya saa 2, kikao kiligawanyika kama mlivyogawanyika Patroni na Sindano. Daktari mmoja akapendekeza dozi ya kwanza baada ya ile ya kuanzia ipangwe ili zinazofuata zisiangukie saa 2. Akajibiwa kwamba kifafa hakichagui saa ya kuja, na dozi haisogezwi kwa ajili ya ratiba yetu.

#40 Patroni Mstaafu
Waliomjibu wako sahihi, saa 4 ni saa 4. Ila mjaribu kanuni yangu wiki mbili na ya Sindano wiki mbili, mkihesabu visanduku visivyo na saini kila asubuhi. Ulete majibu hapa.

#41 Sindano Mbili
Nakubali. Na zile ampuli nazo zihesabiwe kila makabidhiano, maana saini peke yake haitoshi.

#42 Mtumishi Halmashauri
Na ile zamu ya Jumamosi ya kulipa, alilipa?

#43 Mkunga wa Bondeni
Alilipa. Safari hii jina lilibadilishwa tangu Ijumaa, na posho bado imeenda kwa mwenye jina la zamani. Nafuatilia.